Kilo 54, anakula na haongezeki: kisa cha dogo mmoja na programu aliyopiga wiki 16

Dogo ana miaka 22, urefu sentimita 178, na asubuhi tuliyompima kabla hajatia kitu tumboni mizani ilisoma kilo 54. Ukigawa uzito kwa urefu wa mita, alafu ukagawa tena kwa urefu uleule, unapata 17 na kidogo, na chini ya 18.5 mtu anahesabika ana uzito pungufu, kwahiyo huyu sio mwembamba wa kutaniwa tu mtaani, ni mwembamba kweli. Kazi yake ni machinga Kariakoo, anatembeza viatu mkononi kuanzia asubuhi mpaka jua linazama. Gym alishakuwa anakuja kama miezi nane na mwili uko vilevile, ndo akanifata akaniambia "kocha mi nakula kuliko watu wote nyumbani, waulize, ila mwili haushiki, nadhani ndo damu yangu."

Kabla ya chuma chochote nlimtuma zahanati. Mtu ambaye amekuwa mwembamba toka utotoni na baba yake yuko hivohivo ni kitu kimoja, mtu ambaye alikuwa na kilo 62 mwaka jana na leo ana 54 bila kujua zimeenda wapi ni kitu kingine kabisa, huyo ni wa daktari sio wa kocha. Vilevile ukiwa na kikohozi kinachopita wiki mbili, unatoka jasho usiku mpaka shuka linalowa, unaharisha kila mara, una kiu isiyokatika na kukojoa sana, au moyo unaenda mbio umekaa tu, hapo programu inasubiri. Dogo alipima choo, damu, sukari na VVU, akarudi msafi, na uzito wake kwa maelezo yake ulikuwa hapohapo tangu amalize fomfoo. Basi tukaanza.

Nlimuuliza anapiga tizi gani akanionyesha kwenye simu, programu ameitoa kwenye video ya jamaa mmoja mwenye kifua kama mlango. Jumatatu kifua, Jumanne mikono, Jumatano mabega, Alhamisi mgongo, Ijumaa mikono tena (eti mikono ndo inachelewa), kila siku mazoezi saba au nane, kila zoezi mara 15 mpaka 20. Miguu hapigi kwasababu "miguu napiga mpira". Na kweli mpira anapiga, jioni nne kwa wiki, Jumamosi alfajiri yuko na jogging klabu ya mtaani kwao kilomita kumi, na kila akiingia gym anaruka kamba robo saa "kupasha". Nikamuuliza dambeli za kifua ni kilo ngapi, akasema nane. Mwezi wa kwanza ulikuwa unabeba ngapi? Nane. Hapo nlishapata nusu ya jibu.

Nusu hiyo ni hii: msuli haukui kwasababu umetoka jasho au umeuma kesho yake, unakua ukilazimishwa kubeba kitu ambacho haujazoea, ukashazoea unaongeza kidogo, ukazoea tena unaongeza tena. Kilo nane zilikuwa mzigo wiki ya kwanza, mwezi wa pili zilishakuwa mazoea, na miezi sita iliyobaki alikuwa anachoma tu nguvu. Nusu ya pili ni hesabu ya chakula, kwamba anachokula chote kinaisha kwenye kutembea Kariakoo, mpira na ile kilomita kumi, hakuna kinachobaki cha kujengea. Kwahiyo huyu dogo alikuwa na matatizo mawili tofauti, na kitu ambacho nataka mtu akishike kwenye kisa hiki ni namna ya kujua lini tatizo ni lipi, maana dawa zake hazifanani na watu wengi wanazichanganya.

Tulianza na kupunguza pumzi, yaani kadio. Hapa palikuwa na ubishi maana kumwambia kijana wa Dar aache mpira ni kama umemtukana. Nikampigia hesabu, mtu wa kilo 54 akicheza saa nzima ya mpira wa kweli anaunguza kalori kama 400, jioni nne ni 1,600, ongeza jogging ya Jumamosi kama 500, jumla unazidi 2,000 kwa wiki, na hizo anatakiwa azile kwanza kabla hata hatujaanza kuongelea kuongezeka. Akasema sasa si nile tu zaidi? Sawa, ila mtu ambaye tayari analalamika tumbo limejaa hawezi kuongeza chakula cha kufidia mpira alafu aongeze tena cha kujenga mwili. Ni rahisi zaidi kuziba tobo kwanza.

Tukakubaliana mpira unabaki Jumapili tu, jogging klabu anaenda kupiga stori na kuchangia michango ila hakimbii, kamba inaondoka kabisa. Sikumwambia aache pumzi yote na siamini katika hilo, maana mtu asiye na pumzi kabisa seti ya skwati ya mara nane inamwacha anahema dakika tano. Mara moja kwa wiki, ikizidi mbili nyepesi za dakika 20, inatosha. Kuna jaribio maarufu la mtafiti wa Marekani anaitwa Robert Hickson la mwaka 1980, alichukua watu wengine wakapiga nguvu tu, wengine pumzi tu, wengine vyote viwili kwa wiki kumi. Wa vyote viwili walipanda nguvu vizuri tu wiki za mwanzo, alafu kuelekea mwishoni wakakwama wakaanza kushuka, wakati wa nguvu peke yake wanaendelea kupanda. Ila hao walikuwa wanapiga pumzi ngumu siku sita kwa wiki, kwahiyo usitumie jaribio hilo kumwogopesha mtu anayecheza mpira Jumapili. Shida ya dogo ilikuwa wingi.

Programu yenyewe ni fupi mpaka aliniuliza "hii tu?" Siku tatu, Jumatatu Jumatano Ijumaa, mazoezi matatu makubwa kila siku, na kuna siku A na siku B zinapokezana. Siku A ni skwati, yaani kuchuchumaa na kuinuka na fimbo ya chuma mabegani, benchi, yaani kulala chali ukasukuma fimbo kutoka kifuani, na kuvuta fimbo ukiwa umeinama. Siku B ni dedilifti ya miguu iliyonyooka kidogo (ile ya kushusha chuma mpaka chini ya goti huku makalio yanarudi nyuma), kusukuma chuma juu ya kichwa ukiwa umesimama, na pulapu, yaani kuning'inia kwenye bomba ukajivuta juu. Kila zoezi seti tatu za mara 6 mpaka 8, pumziko dakika mbili mpaka tatu katikati, ndani ya saa moja kashamaliza anaenda kula. Mikono akitaka anaweka seti mbili mwishoni, nlimruhusu maana ningemkataza angepiga kwa siri.

Kupasha ni kwa chuma chenyewe. Kama leo skwati ni kilo 40, anaanza na fimbo tupu ya kilo 20 mara nane, alafu 30 mara tano, alafu 40 kazi inaanza. Dakika tano, imetosha, na nguvu hazijaishia kwenye kamba.

Sasa tulivyotaka kuanza tukakutana na jambo la gym zetu hizi. Fimbo ya kiwandani iko moja ya kilo 20, sahani za chuma ziko chache, zinazobaki ni vile vya zege vilivyomwagiwa kwenye makopo ya rangi vikaandikwa "10" kwa brashi. Nlivibeba viwili mpaka kwa jamaa wa chuma chakavu mtaa wa pili, akavitundika kwenye mizani yake, kimoja kikasoma 9.2 na kingine 11. Watu walikuwa wanapiga benchi na fimbo imelalia upande mmoja karibu kilo mbili wakidhani mkono wao wa kushoto ndo dhaifu. Tukaandika uzito wa kweli kila kopo kwa maka peni. Kama unabeba vya zege na haujapima basi hata daftari lako linakudanganya.

Namba za kuanzia tulizichagua kwa makusudi ziwe nyepesi, kiasi kwamba akimaliza mara nane anabaki na uwezo wa nyingine tatu hivi. Skwati kilo 30, benchi 25, kuvuta fimbo 25, dedilifti 40, kusukuma juu fimbo tupu 20. Pulapu aliweza nne, wembamba una faida zake, nikamwambia apige 15 kwa jumla hata zikichukua seti sita.

Kanuni ya kuongeza ni moja. Unabaki na uzito uleule mpaka seti zote tatu zifike mara 8, ukifika siku inayofuata ya zoezi hilo unaongeza chuma, marudio yatashuka mpaka 6 au 7, unaanza kupanda upya. Kwenye daftari lake benchi ya kilo 30 inasomeka hivi: siku ya kwanza 8, 7, 6. Iliyofuata 8, 8, 6. Iliyofuata 8, 8, 8. Hapo akaweka sahani ndogo kuliko zote tulizonazo, za kilo mbili na nusu kila upande, fimbo ikawa 35, akapata 4, 4, 3 na ya tatu karibu imlalie kifuani. Ukitazama utaona kilo tano kwa mtu anayebeba 30 ni ongezeko la karibu moja ya sita kwa mkupuo, hakuna mwili wa mtu mwembamba unaomeza hiyo kwenye mazoezi ya mikono. Kwenye skwati na dedilifti aliimeza miezi miwili ya mwanzo bila shida kwasababu miguu na makalio ni misuli mikubwa, ila benchi na kusukuma juu hapana.

Kununua sahani za nusu kilo ni hela na hata kuzipata ni shida, tukatumia chupa za maji. Chupa ya lita moja iliyojaa ni kilo moja, unaifunga na kamba ya tyubu ya baiskeli ikibana kwenye sahani kila upande, fimbo inapanda kilo mbili badala ya tano. Ijae mpaka mdomoni, ikibaki na hewa maji yanacheza na fimbo inayumba. Ukiweka za lita moja na nusu unapata kilo tatu. Kwahiyo benchi ikaenda 30, 32, 35, 37, 40 na watu gym wakacheka wiki mbili, alafu nikaona jamaa wawili wengine nao wamefunga chupa.

Kuna kuongeza kwa uongo na lazima kusemwe. Wiki ya tatu skwati ilipanda haraka mpaka nikashtuka, nikasimama pembeni na simu nikamrekodi kwa upande, kumbe kila kilo zikiongezeka anakaa juu zaidi, mwishowe anainamisha tu goti kama mtu anayesalimia wazee. Tukaweka kibenchi cha mbao nyuma yake, ambacho ukigusa paja linakuwa usawa wa sakafu, asipogusa haihesabiki. Ikabidi ashuke kutoka 45 mpaka 35 na roho ikamuuma. Benchi nayo dalili ni makalio kunyanyuka na fimbo kudunda kifuani, dedilifti ni mgongo kupinda kama upinde. Mzigo ukiongezeka na mwendo ukafupika haujaongeza kitu.

Na seti usipige mpaka ufe. Acha ukiwa na uhakika wa moja au mbili zimebaki, utajua kwa namna fimbo inavyoanza kwenda polepole yenyewe bila wewe kutaka. Kwenye benchi awepo mtu nyuma wa kudaka, siku hamna mtu usifunge vibano vya fimbo, ili ikikulalia uinamishe upande sahani zidondoke.

Chakula. Nlimwambia aandike siku nne kila kinachoingia mdomoni, Jumapili ikiwemo. Asubuhi chai ya rangi na chapati mbili, mchana kama biashara imechanganya hali, akila ni wali maharage nusu sahani amesimama, jioni ugali mkubwa na dagaa au mboga ya majani. Ule ugali wa jioni ndo nyumbani wanauona wanasema huyu anakula. Ukikadiria siku za kazi zilikuwa kama kalori 2,100, Jumapili pilau inampandisha 3,000. Kwa urefu wake na mizunguko yake hiyo inamtosha kubaki alivyo na hakuna zaidi.

Sikutaka kumpa milo sita ya kopo kama wanavyoandika mitandaoni, machinga atakulia wapi. Tuliongeza vitu viwili tu. Cha kwanza uji, unga wa ulezi kama gramu 60, kikombe kikubwa cha maziwa mazima, vijiko viwili vya siagi ya karanga na sukari, unawekwa kwenye chupa ya chai asubuhi anaondoka nao, saa tano anaunywa hukohuko. Hiyo peke yake ni kama kalori 600 na inapita kooni bila kutafuna, maana mtu mwembamba mara nyingi anashindwa kutafuna kabla hajashindwa kula. Cha pili mayai mawili ya kuchemsha, yanauzwa kila kona pale, 150 nyingine. Na mchana akila akae chini amalize sahani.

Protini tulilenga gramu kama 86 kwa siku, yaani 1.6 kwa kila kilo ya mwili. Ukijumlisha uji, mayai, maharage, dagaa na kilichomo kwenye chapati na ugali inafika bila kununua ndoo ya unga wa protini. Ile ya "gaina" alikuwa anaitamani sana, nikamsomea lebo, kitu cha kwanza kwenye orodha ni wanga mwepesi unaokaribia sukari. Uji wake ni uleule ila wenye ulezi.

Kupima uzito ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa asubuhi baada ya kwenda chooni kabla ya kunywa kitu, mizani ileile, unachukua wastani wa tatu. Siku moja moja usiiamini, chumvi ya jana na ugali wa usiku vinaweza kukuongezea kilo nzima. Lengo letu lilikuwa robo mpaka nusu kilo kwa wiki. Na tukapima kiuno usawa wa kitovu kila wiki mbili, alianza na sentimita 70.

Wiki ya kwanza wastani 54.2, ya pili 54.9, ya tatu 55.3. Dogo akaanza kuvaa vesti. Nikamwambia tulia, nyingi ya hiyo ni maji na chakula kilichojaa tumboni na kwenye misuli. Ya nne 55.4, ya tano 55.3, ya sita 55.4. Ukuta. Akarudi na wimbo wake wa damu.

Hapa ndo daftari linafanya kazi. Nlifungua kurasa za chuma, skwati ilikuwa inapanda, benchi inapanda, dedilifti inapanda, ila mizani imesimama. Chuma kikipanda na uzito hauendi, programu haina kosa, chakula ndo hakitoshi. (Mgeni wa mazoezi haya anapanda nguvu wiki za mwanzo hata bila msuli mpya, kwasababu mwili unajifunza tu kuitumia iliyopo, kwahiyo kupanda kule hakukuwa ushahidi kwamba anajenga.) Ingekuwa kinyume, uzito unapanda chuma kimesimama, ningejua anajaza tumbo na tizi limelegea, na kiuno kingesema. Vyote viwili vikisimama kwa pamoja naangalia usingizi na pumzi, kwamba mtu karudi mpirani kimyakimya.

Basi nikamuuliza uji unaunywa wote? Akacheka. Kumbe pale anapofungulia chupa kuna washkaji wawili wanamsubiri, kila mtu na kikombe chake, na huwezi Kariakoo ukanywa peke yako wenzako wanakutazama. Zile kalori 600 zilikuwa zinagawanywa kwa tatu! Jumapili nayo hatengenezi kabisa kwasababu haendi kazini.

Ila hata bila washkaji ukuta wa namna hii unakuja kwa wembamba wengi na sababu inajulikana. Mwaka 1999 James Levine na wenzake wa Mayo Clinic kule Marekani waliwalisha watu 16 kalori 1,000 za ziada kila siku kwa wiki nane. Wote chakula sawa cha ziada, lakini kuna aliyeongeza mafuta chini ya nusu kilo na kuna aliyeongeza zaidi ya kilo nne. Tofauti kubwa ilikuwa kwenye mizunguko midogo isiyo mazoezi, kusimama, kutembeatembea, kutikisa mguu, wengine walipolishwa zaidi miili yao ikaanza kuhangaika zaidi yenyewe, aliyezidi wote akawa anaunguza karibu kalori 700 zaidi kwa siku kwa njia hiyo. Kwahiyo dogo anaposema damu yake iko hivo hajakosea sana, ila maana yake ni kwamba hesabu yake ni kubwa kuliko ya mwenzake, sio kwamba hesabu haipo.

Tukaongeza tena. Washkaji waendelee kupata uji, mama yake akakubali kupika chupa kubwa zaidi. Mfukoni anatembea na karanga za kukaanga gramu 50, karibu kalori 280, anazitafuna akitembea na hizo huwezi kuzigawa ukamaliza. Usiku kabla ya kulala glasi ya maziwa. Jumapili uji ni lazima hata kama kuna pilau. Wiki ya saba 55.9, ya nane 56.2, na kuanzia hapo ikawa inapanda kama 0.4 kila wiki na vijiwiki viwili vya kusuasua.

Wakati wa ule ukuta jirani yake alimletea vidonge vya kunenepa, vile vinavyouzwa vya kufungwa kwenye karatasi. Vingi ya hivyo ni deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, wakati mwingine na siproheptadini, dawa ya mzio inayoleta njaa na usingizi. Deksamethasoni inajaza maji na mafuta usoni na tumboni, inapandisha sukari, alafu inakula misuli ya mapaja na mabega, yaani kinyume kabisa cha kinachotafutwa. Na ukizitumia muda mrefu ukaacha ghafla unaweza kuzimia mpaka kufa kwasababu tezi za mwili zilishaacha kutengeneza homoni yake. Aliyekwisha anza asiache kwa kusoma andiko kama hili, aende hospitali apunguziwe taratibu.

Kwenye wiki ya 11 likaja tatizo la aina nyingine. Kusukuma juu kulikwama kilo 25, mara tatu mfululizo 6, 5, 5, wakati skwati inapanda, benchi inapanda na mizani inapanda. Hapo chakula hakina kosa, kwahiyo sikugusa sufuria. Kitu kimoja kikikwama vingine vinaenda, tatizo liko kwenye kitu hicho. Kwake zoezi hilo lilikuwa linakuja baada ya dedilifti, kiuno kimechoka, anasimama ananesa. Tukalihamisha liwe la kwanza siku B, tukashusha mpaka 20 na kulenga mara 10 mpaka 12 kwa wiki tatu, alafu tukarudi 25, akapata 8, 7, 7, baadaye chupa zikafungwa ikawa 27. Hili ndo zoezi linalopanda polepole kuliko yote, kwa watu wengi, usilipime na skwati.

Na kuelekea sikukuu, biashara ikamweka Kariakoo mpaka saa nne usiku, analala masaa matano tu, vyote vikasimama kwa pamoja, mizani na chuma. Nlimpa wiki moja ya seti mbili badala ya tatu, uzito uleule, akalala, akaendelea. Sikuona haja ya zaidi ya hapo.

Wiki ya 16 wastani wake ulikuwa kilo 59.3. Skwati 65 kwa 8, 8, 7 akigusa kibenchi, benchi 40 kwa 8, 8, 7, kuvuta fimbo 42, dedilifti 80, pulapu seti tatu za nane na mwili mzito zaidi ya mwanzo. Kiuno 72.5, yaani sio zote ni msuli, mafuta kidogo yameingia, na kwa mtu aliyeanza na mbavu zinahesabika sioni kosa. Kwa urefu wake sasa yuko 18.7, amevuka ule mstari kwa unywele.

Kinachofuata ameomba mpira wa Jumatano urudi. Nimekubali kwa sharti, siku hiyo tizi linahamia Alhamisi, anaongeza chapati mbili au karanga nyingine gramu 50 siku ya mpira, na tunaangalia wastani wa wiki tatu. Ukibaki unapanda anaendelea na mpira wake, ukisimama na chuma kinapanda ataongeza chakula, na vikisimama vyote viwili mpira unarudi Jumapili.